Abuu, Abaa, Abii: Majina Matano ya Kiarabu Yanayobeba Iirabu kwa Herufi

Anayehudhuria darasa za hadithi msikitini, iwe Lamu, Tanga au Unguja, husikia jina la sahaba mmoja likibadilika mdomoni mwa shehe. Hadithi inapoanza, shehe husoma "an Abii Huraira", yaani imepokewa kutoka kwa Abu Huraira. Ikifika mahali ambapo sahaba huyo mwenyewe anasema jambo, husoma "kaala Abuu Huraira". Na msimulizi mwingine akieleza kwamba alimsikia, sauti hugeuka tena: "samitu Abaa Huraira", nilimsikia Abu Huraira. Mtu ni yuleyule, lakini jina lake limetoka kwa sura tatu.

Msikilizaji asiyesoma nahau anaweza kudhani kwamba shehe ameteleza ulimi au kwamba matamshi yanatofautiana kwa nchi. Sivyo. Kila sura ina sababu yake, na sababu hiyo inapatikana katika mlango mfupi wa sarufi ya Kiarabu uitwao al-asmaa al-khamsa, majina matano. Mwanafunzi hukutana nao mapema katika Ajurumiya, kitabu kidogo cha Ibnu Ajurrum wa Fasi, Morocco, aliyefariki mwaka 1323. Wengi huyakariri majina hayo matano kwa moyo, kisha hukwama wanapoyakuta ndani ya sentensi. Ili wasikwame, inafaa waelewe mambo mawili: kazi ambayo mwisho wa jina hufanya katika Kiarabu, na sharti la idhafa linaloyafanya majina haya yaachane na mengine.

Katika maandishi haya nimeandika irabu mbili mfululizo, kama uu, aa na ii, kuonyesha sauti inayovutwa, ile ambayo walimu wa chuoni huiita madda. Irabu moja ni sauti fupi.

Mwisho wa jina unasema nini

Katika Kiswahili tunajua nani katenda na nani katendewa kwa kutazama mpangilio wa maneno na viambishi vya kitenzi. "Baba alimwona Juma" na "Juma alimwona baba" ni habari mbili tofauti, ingawa neno baba lenyewe halikubadilika hata herufi moja. Kiarabu fasihi kina njia nyingine. Kazi ya jina huonyeshwa mwishoni mwa jina lenyewe, na mabadiliko hayo ya mwisho ndiyo yanayoitwa iirabu.

Hali za jina ni tatu. Ya kwanza ni rafaa, hali ya mtenda na ya jina linaloanza sentensi ya kutoa habari. Ya pili ni nasbu, hali ya mtendewa na ya jina linalofuata neno "inna" la kutilia mkazo. Ya tatu ni jari, hali ya jina lililotanguliwa na vihusishi kama "an", "ilaa" na "min", na pia hali ya mwenye kitu anapotajwa baada ya kitu chake.

Kwa majina mengi ya umoja, hali hizi hutofautishwa kwa sauti fupi ya mwisho. Kitabu kikiwa katika rafaa ni "alkitaabu", katika nasbu ni "alkitaaba", na katika jari ni "alkitaabi". Sauti hizo ni dhuma, fataha na kasra, na katika maandishi ya Kiarabu si herufi. Ni alama ndogo zinazowekwa juu au chini ya herufi, na nje ya msahafu, vitabu vya watoto na baadhi ya mashairi, aghalabu haziandikwi kabisa. Msomaji wa gazeti la Kairo au Maskati huliona neno la kitabu likiwa na umbo lilelile katika hali zote tatu, na hali yake huikisia kutokana na maana.

Hapo ndipo majina matano yanapopata uzito wake. Yenyewe hayatumii alama. Katika rafaa huishia kwa wau, katika nasbu kwa alifu, na katika jari kwa yee. Hizo ni herufi kamili, zinaandikwa kwa wino kama herufi nyingine yoyote, hata pale alama zote zinapoachwa. Anayeandika "baba wa Salimu" kwa Kiarabu hana budi kuamua, na uamuzi wake unaonekana. Akikosea, kosa lake linaonekana vilevile.

Majina yenyewe

La kwanza ni abu, baba. La pili ni akhu, ndugu wa kiume. La tatu ni hamu, jamaa wa mume kwa upande wa mkewe, kama vile baba mkwe au shemeji. Kwa kuwa maana yake ya asili inamhusu mwanamke aliyeolewa, wanasarufi wengi humtolea mfano kwa kumsemesha mwanamke: "hamuuki", mkweo wewe bibi. La nne ni fu, kinywa. La tano ni dhu, mwenye, kama katika "dhuu maalin", mwenye mali. Vitabu vikubwa zaidi, kikiwemo Alfiya ya Ibnu Malik aliyefariki Dameski mwaka 1274, huongeza la sita, hanu, neno la kutajia kitu kwa staha bila kukitaja waziwazi. Kwa kuwa hilo hupatikana mara chache katika sura hii ya herufi, vitabu vya mwanzo huliacha na kubaki na matano.

Kwa nini maneno haya na si mengine? Ukiyatazama utaona kwamba yote ni mafupi mno. Majina mengi ya Kiarabu husimama juu ya herufi tatu za asili, lakini katika abu zinasikika mbili tu, alifu ya mwanzo na bee. Herufi ya tatu ilikuwapo na ni wau. Hujitokeza tukisema baba wawili, "abawaani", au ndugu wawili, "akhawaani". Wazazi wawili pia huitwa kwa neno hilohilo la abawaani, baba na mama kwa pamoja.

Kiebrania, lugha iliyo ya ukoo mmoja na Kiarabu, nacho kinashuhudia jambo hili. Baba akitajwa peke yake ni "av", lakini akiunganishwa na mwenyewe huwa "avi", na ndugu vivyo hivyo hutoka "ah" akawa "ahi". Madda inajitokeza palepale ambapo Kiarabu huitoa, yaani pale jina linapoegemea jina jingine. Kwa hiyo kanuni hii haikubuniwa na wanasarufi wa Basra au Kufa. Waliikuta ndimini mwa watu, ikiwa kongwe tayari, wakaipa maelezo.

Idhafa ndiyo mlango

Idhafa ni kuunganisha jina na mwenyewe. Kiswahili hutumia kiunganishi: kitabu cha Ali, mlango wa nyumba. Kiarabu huyaweka majina mawili bega kwa bega bila kitu katikati: "kitaabu Aliyyin". Jina la kwanza, kile kinachomilikiwa, huitwa mudhafu. La pili, mwenyewe, huitwa mudhafu ilaihi, na hilo daima huwa katika jari. La kwanza hubaki huru kuchukua hali yoyote kulingana na kazi yake katika sentensi.

Majina matano huonyesha herufi zao yanapokuwa mudhafu tu, yaani yanapokuwa jina la kwanza katika muungano huo. Baba asiyetajiwa mwanawe ni jina la kawaida kabisa: "abun" katika rafaa, "aban" katika nasbu, "abin" katika jari, kwa sauti fupi kama kitabu. Mpe mwenyewe, awe jina kama Salimu au kiambishi kama "-ka" cha wewe, na hapohapo sauti huvutwa: "abuuka", "abaaka", "abiika".

Kuna masharti mengine yanayokwenda pamoja na hilo. Jina liwe la umoja, kwa sababu wawili na wengi wana kanuni zao. Lisiwe limedogoshwa, kwa maana Kiarabu humdogosha baba akawa "ubayy", na neno hilo hurudi kwenye sauti fupi. Tena mwenyewe asiwe mimi. Sharti hili la mwisho ndilo linalowatatiza wengi, nami nitalirudia, lakini kwanza tuyaone majina haya yakiwa kazini.

Surat Yusuf, darasa kamili

Hakuna mahali pazuri pa kuyaona kuliko Surat Yusuf, sura ya 12 ya Kurani. Kisa chake kizima ni cha baba na ndugu, hivyo maneno hayo mawili yanarudi tena na tena yakiwa katika kila hali. Mwenye msahafu na aufungue, kwa sababu hapa nitataja maneno moja moja na namba za aya tu.

Anza na aya ya 8. Ndugu wakubwa wanalalamika kwamba Yusuf na nduguye wanapendwa zaidi na baba yao. Katika aya hiyo moja herufi zote tatu zimekusanyika. Ndugu ni "akhuuhu", kwa wau. Yeye na Yusuf ndio wanaotolewa habari, na jina linaloanza habari huwa katika rafaa. Kisha baba anatajwa baada ya "ilaa", nalo ni neno la kuleta jari, kwa hiyo amekuwa "abiinaa", kwa yee. Mwisho wa aya baba anatajwa tena, mara hii baada ya "inna", na "inna" hutia nasbu, kwa hiyo sasa ni "abaanaa", kwa alifu. Baba mmoja, katika malalamiko yaleyale ya watu walewale, ametajwa mara mbili kwa sura mbili. Kilichobadilika ni neno lililomtangulia.

Aya ya 69 ina jozi nyingine. Yusuf anamchukua nduguye na kumweka karibu naye. Ndugu huyo ndiye anayechukuliwa, yaani mtendewa, kwa hiyo ni "akhaahu". Mara moja Yusuf anamwambia kwamba yeye ni ndugu yake, na hapo ndugu ni habari inayotolewa juu ya "mimi". Hali ni rafaa, na neno ni "akhuuka".

Sasa tulipime sharti la idhafa. Katika aya ya 59 Yusuf, ambaye nduguze bado hawajamtambua, anawataka wamletee ndugu waliye naye kwa baba yao. Hasemi "ndugu yenu" kwa muungano. Anasema kama mtu wa mbali anayetaja ndugu fulani, kisha anaongeza kwamba ni wao wenye ndugu huyo kwa baba. Neno ni "akhin", kwa kasra fupi yenye tanwini, ingawa limetanguliwa na kihusishi. Halina yee kwa sababu halikuunganishwa na mwenyewe. Maneno machache tu mbele yake baba ametajwa kwa muungano, "abiikum", na yee imerudi. Maneno yote mawili yako katika jari, lakini moja limeonyesha hali yake kwa alama na jingine kwa herufi. Tofauti pekee ni idhafa.

Sura inakamilisha darasa hilo katika aya mbili zinazofuatana. Katika aya ya 77 ndugu wanataja ndugu mwingine bila muungano, naye ni mtenda: "akhun", rafaa kwa dhuma, bila wau. Katika aya ya 78 wanasema kwamba kijana huyo ana baba mzee, na baba yuko chini ya "inna": "aban", nasbu kwa fataha yenye tanwini. Katika maandishi utaona alifu mwishoni mwa neno hili, na hapo wanafunzi wengi hudanganyika. Alifu hiyo ni ya kubebea tanwini, kama ile ya mwisho wa "kitaaban". Jina lolote la kawaida lingekuwa nayo. Ni tofauti na alifu ya "abaanaa", iliyo alama ya nasbu yenyewe.

Baba yangu ana sura moja tu

Turudi kwenye lile sharti la mwenyewe asiwe mimi. Katika aya ya 80 ndugu mkubwa anaapa kwamba hataondoka katika nchi ile mpaka baba yake amruhusu. Baba ndiye atakayeruhusu, kwa hiyo ni mtenda, na kwa kanuni tuliyokwisha kuiona tungetarajia wau. Lakini neno ni "abii". Katika aya ya 90 Yusuf anamtambulisha ndugu yake, habari iliyo katika rafaa, na neno ni "akhii". Katika aya ya 93 anataka kanzu yake iwekwe usoni mwa baba yake, na huyo wa jari naye ni "abii". Ukitaka wa nasbu, mtafute katika Surat Taha aya ya 30, ambapo Nabii Musa anamtaja Harun kuwa ndugu yake. Hapo pia ni "akhii".

Sababu ni kwamba ile ii ya mwisho si alama ya hali yoyote. Ni kiambishi cha mimi, "yangu". Kiambishi hicho kinadai kasra kabla yake, na kwa kuwa sehemu ya kuwekea alama imekwisha kukaliwa, wau na alifu hazina pa kuingia. Wanasarufi husema kwamba iirabu hapo ni ya kukadiria: ipo katika hesabu ya msomaji ingawa haionekani. Kwa hiyo anayesikia "abii" hana budi kujiuliza kama ni "baba yangu" au ni baba wa fulani aliye katika jari. Jibu huja na neno linalofuata. Likija jina, kama Huraira, ni muungano wa jari. Neno likiishia hapo, ni "baba yangu".

Kuhusu wawili na wengi, sura hii pia inatosha. Katika aya ya 99 na ya 100 wazazi wawili wa Yusuf wametajwa kwa "abawaihi", kwa kanuni ya uwili, ambayo ina alifu katika rafaa na yee katika nasbu na jari. Katika aya ya 58 ndugu wengi wanapoingia kwa Yusuf wameitwa "ikhwatu", kwa dhuma fupi. Neno ni lilelile la ndugu, na limeunganishwa na jina la Yusuf, lakini si la umoja tena, hivyo limetoka katika mlango huu.

Dhuu, asiyesimama peke yake

Jina la tano lina tabia yake. Baba na ndugu huweza kutajwa bila mwenyewe, lakini "dhuu" haiwezi kabisa. Mwenye nini? Lazima kitu kifuate, na kitu hicho huwa jina, si kiambishi. Husemi "dhuuka". Unasema "dhuu ilmin", mwenye elimu, na neno hilo limo katika aya ya 68 ya sura yetu, likimsifu Yaakub katika hali ya rafaa. Aya ya 76 inalo tena, baada ya neno "kulli", na kwa kuwa limekuwa mudhafu ilaihi wa neno hilo, ni "dhii ilmin", kwa yee.

Wasomaji wa Kiswahili wanalijua neno hili kuliko wanavyodhani. Dhulhija, mwezi tunaouita pia Mfunguo Tatu, ni "dhuu" iliyounganishwa na hija. Dhulkarnaini ni mwenye pembe mbili. Kiswahili kimeyachukua majina hayo katika sura ya rafaa na kuyaacha hivyo, kwa kuwa lugha yetu haibadilishi mwisho wa jina. Kiarabu hakikuyaacha. Mwezi wa Dhulhija ni "shahru dhil-hijja", kwa sababu jina la mwezi limekuwa mudhafu ilaihi. Katika Surat al-Kahf, watu wanapomuuliza Mtume habari za Dhulkarnaini, aya ya 83 ina "dhii". Anapoitwa kwa jina lake katika aya ya 94 ni "dhaa", kwa kuwa anayeitwa akiwa mudhafu huwekwa katika nasbu.

Kuna jambo la masikio hapa. Jina lenye "al" likifuata, madda haitamkwi. Huandikwa wau, lakini husomwa "dhul", si "dhuul". Huandikwa Abuu na al-Kaasim, husomwa Abulkasim. Kwa hiyo msikilizaji asitegemee urefu wa sauti kuitambua hali. Asikilize sauti yenyewe kama ni u, a au i. Anayeandika naye asiiache herufi kwa kuwa hakuisikia. Makosa mengi ya imla huanzia hapo.

Kinywa nacho kina sharti lake la peke yake. Neno la kawaida la kinywa ni "fam", lenye mimu. Mimu ikibaki, jina ni la kawaida: "famuka", "famaka", "famika". Ikiondoka, herufi zinaingia: "fuuka", "faaka", "fiika". Sura ya nasbu imo katika Surat ar-Raad aya ya 14, "faahu", katika mfano wa mtu anayenyosha viganja vyake kwenye maji ili yafike kinywani.

Pale ndimi zilipotofautiana

Kanuni niliyoieleza ndiyo ya Kurani na ya Kiarabu fasihi, lakini wanasarufi wa kale waliandika kwamba hawakusikia ndimi zote za Waarabu zikiifuata. Baadhi ya makabila yalitamka alifu katika hali zote tatu, "abaahu" kwa mtenda na kwa mtendewa sawasawa. Wengine walifupisha wakasema "abuhu", kama kwamba ni jina la kawaida. Tofauti hizo zimeandikwa katika sherehe za Alfiya, ikiwemo ile mashuhuri ya Ibnu Akil aliyefariki Kairo mwaka 1367.

Tofauti hizi zilipata kumhusu mtu mkubwa. Imesimuliwa kwamba Abu Amri bin al-Alaa, mwanasarufi na msomaji wa Basra, alimuuliza Imam Abu Hanifa wa Kufa kuhusu anayeua kwa kitu kizito, kama anauawa kwa kisasi. Abu Hanifa akajibu kwamba hauawi, hata kama amempiga kwa Abu Kubais, mlima ulio Maka. Alisema "bi-Abaa Kubais". Baada ya "bi" kanuni inataka jari, "bi-Abii". Wapo waliolihesabu kosa. Waliomtetea walisema kwamba alifuata ndimi zile zenye alifu katika kila hali, nao ni watu wa upande wa Kufa. Inafaa kukumbuka kwamba mwenye jibu na mwenye swali, na hata mlima waliokuwa wakiutaja, wote majina yao yanaanza kwa neno hilohilo la baba.

Siku hizi mazungumzo ya kila siku katika miji ya Waarabu hayana iirabu. Watu wengi husema "abu" mahali pote bila kujali hali, na baadhi ya majina yameganda hata katika maandishi rasmi. Mji wa Abu Dhabi huandikwa kwa wau hata ukitanguliwa na "fii", kwa sababu sasa umeshikwa kuwa jina moja lisilogawanyika. Mwanafunzi akiliona hilo asidhani kwamba kanuni imefutwa. Majina ya mahali huganda. Hadithi, hotuba na maandishi ya fasihi huendelea kubadilika kama zamani, na ndiyo maana kitabu cha hadithi arubaini cha Imam Nawawi kinapomtaja Omari bin al-Khattab kwa jina lake la heshima mwanzoni kabisa, huanza na "Abii Hafsi", kwa yee.

Kulipima jina mwenyewe

Ukikutana na mojawapo ya majina matano, jiulize kwanza kama lina mwenyewe. Kama hana, acha herufi, tafuta sauti fupi. Kama anaye, uliza kama mwenyewe ni mimi. Akiwa mimi, sura ni moja na hali utaikadiria kwa maana. Akiwa mwingine, na jina ni la umoja, tazama herufi: wau ni rafaa, alifu ni nasbu, yee ni jari. Hatua hizi huenda pia kinyume. Anayeandika huanza na kazi ya jina katika sentensi, kisha akachagua herufi.

Jaribu kwa sentensi hii: "Zaara abaa Saalimin akhuu abiika." Kitenzi "zaara" kina maana ya alitembelea. Kwa mpangilio wa Kiswahili ungekimbilia kusema kwamba baba yake Salimu ndiye aliyetembelea, kwa kuwa ametajwa kwanza. Herufi zinakukataza. Baba ana alifu, hivyo ni mtendewa. "Akhuu" ana wau, huyo ndiye mtenda. "Abiika" ana yee kwa kuwa ni mudhafu ilaihi: ni ndugu wa nani? Wa baba yako. Maana yake ni kwamba ami yako alimtembelea baba yake Salimu.

Sasa badilisha herufi mbili tu, maneno yabaki pale pale: "Zaara abuu Saalimin akhaa abiika." Mgeni amekuwa mwenyeji na mwenyeji amekuwa mgeni. Baba yake Salimu ndiye aliyefunga safari, na ami yako alikuwa nyumbani. Ondoa alama zote ndogo kwenye ukurasa, na bado msomaji atajua bila kubahatisha ni nani aliyemwendea mwenzake, kwa wau moja na alifu moja.